Si kila tumbo la mwezi ni chango, wala si kila uvimbe kwenye skani ni faibroidi

Huku kwetu Pwani, msichana akijikunja kwa maumivu akiwa mwezini, jibu la kwanza analopewa ni kwamba ana chango. Bibi atamchemshia mizizi, mama atampa chupa ya maji moto aiweke tumboni, na jirani atasema akiolewa akazaa litaondoka. Wapo ambao kweli huondokewa. Lakini wapo waliozaa mara tatu na kila mwezi hali inazidi, damu inamwagika kwa mabonge na siku mbili au tatu hawawezi kutoka nyumbani.

Siku hizi wengi wa hawa hufika kwenye skani, na hutoka na moja ya majibu mawili. La kwanza ni "una faibroidi". La pili ni "hatukuona kitu". Ninachotaka msomaji akijue leo ni kwamba majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli na bado yasiwe sababu ya maumivu yake. Skani inaonyesha umbo la kitu. Habari ya lini kinauma, kinauma vipi na damu inatoka kiasi gani anayo mwanamke mwenyewe, na bila habari hiyo picha husomwa vibaya.

Magonjwa matatu, nyumba moja

Hebu tukifikirie kizazi kama nyumba ya mawe ya Mji wa Kale. Ndani kuna utando laini, ambao hukua kila mwezi na kutoka kama damu ya hedhi. Baada ya utando kuna ukuta mnene wa msuli. Nje ya ukuta kuna majirani, yaani kibofu cha mkojo mbele, utumbo mkubwa nyuma, na ovari pembeni.

Faibroidi ni jiwe lililoota kwenye ukuta. Ni uvimbe wa msuli, una mpaka wake, na karibu kila mara si saratani. Kwa wanawake weusi ni jambo la kawaida sana. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi walikuwa na faibroidi, na wengi hawakuwa na dalili yoyote. Shika jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Adenomiosisi ni kama unyevu wa chumvi uliopenya ukutani. Tishu za utando wa ndani zimeingia katikati ya msuli wenyewe. Hakuna jiwe la kung'oa. Ukuta unavimba, unakuwa mzito, na kila mwezi unauma kwa sababu tishu hizo nazo huitikia homoni za hedhi humo humo zilimonasa.

Endometriosisi ni tishu zinazofanana na ule utando wa ndani, lakini zimeota nje ya nyumba: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo au kibofu. Kila mwezi huwasha uvimbe mahali zilipo, na baada ya muda viungo vinaweza kugandana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unampata mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Mwanamke mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya haya, au yote matatu. Kwa hivyo swali la daktari mzuri si kujua tu mna nini humo ndani, bali ni kipi kati ya vilivyomo kinachomsumbua huyu aliye mbele yake.

Anza na habari, kabla ya picha

Kabla ya kutafuta ugonjwa, lazima tujue kawaida ni ipi. Maumivu ya kawaida ya hedhi huanza pamoja na damu au saa chache kabla, hudumu siku moja hadi tatu, na hupungua kwa dawa kama ibuprofeni ikinywewa baada ya chakula. (Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kuinywa.) Damu ya kawaida haizidi siku 8. Ukilazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, ukavaa mbili kwa pamoja, ukaamka usiku kwa sababu shuka zimelowa, au ukaona mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 20, hiyo ni damu nyingi, hata kama mama yako naye alikuwa hivyo.

Katika kuhesabu siku, mwanamke anayeswali ana faida. Anajua siku aliyoacha swala na siku aliyojitwahirisha, na anajua anadaiwa siku ngapi za Ramadhani. Aliyekuwa akilipa siku 5 kila mwaka na sasa analipa 9 ana ushahidi mzuri kuliko anayesema tu kwamba damu "imezidi". Ampe daktari hesabu hiyo kama ilivyo.

Baada ya hapo, maswali yanayotenganisha magonjwa haya ni machache.

La kwanza: maumivu yanaanza lini? Ya endometriosisi mara nyingi hutangulia damu kwa siku moja, mbili au zaidi, na miaka inavyokwenda huenea mpaka siku ambazo hakuna hedhi. Ya adenomiosisi mara nyingi huja pamoja na damu yenyewe, mazito, ya kuvuta chini mpaka mapajani. Faibroidi, ajabu yake, mara nyingi haiumi sana. Huleta uzito, kujaa na damu nyingi. Ikiuma ghafla na kwa nguvu, huenda imekosa damu ya kuilisha au imejinyonga kwenye kikonyo chake.

La pili: maumivu yako wapi na yanaamshwa na nini? Hapa wengi huona haya, na daktari asipouliza hawasemi. Maumivu ya kwenda haja kubwa siku za hedhi, kama kisu kinachokata ndani, yanaelekeza kwenye endometriosisi. Maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa nayo ni hivyo hivyo. Mke asilichukue kama aibu au kama ugomvi wa nyumbani, maana hiyo ni dalili ya kitabibu.

La tatu: damu ni kiasi gani? Kwenye endometriosisi peke yake damu yaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kwenye adenomiosisi damu na maumivu hupanda pamoja. Kwenye faibroidi inategemea jiwe limekaa wapi.

La nne: umri na uzazi. Endometriosisi huweza kuanza utotoni, mara tu baada ya kuvunja ungo, na mara nyingi huambatana na kuchelewa kupata mimba. Adenomiosisi hugunduliwa zaidi kwa wanawake wa miaka 35 hadi 50, hasa waliozaa au waliowahi kupasuliwa au kusafishwa kizazi, ingawa wasichana nao huipata. Faibroidi huongezeka kadiri umri unavyosogea, kisha hupungua hedhi ikikoma.

Skani inaona nini, na haioni nini

Kuna skani ya juu ya tumbo, ambayo hutaka kibofu kijae, na kuna ya ndani, ambapo kifaa chembamba huingizwa ukeni na kibofu huwa kitupu. Ya ndani huona ukuta wa kizazi na ovari kwa ukaribu zaidi. Haifanywi kwa msichana ambaye bado ni bikira. Kwake hufanywa ya juu ya tumbo, na ikibidi MRI. Mwanamke ana haki ya kuomba afanyiwe na mwanamke mwenzake, au awepo mwanamke chumbani.

Faibroidi ndiyo skani huiona vizuri zaidi. Huonekana kama mviringo wenye mpaka wazi, na mishipa ya damu huuzunguka kama uzio. Lakini ukubwa si kila kitu. Jiwe la sentimita 2 lililojitokeza ndani ya chumba cha kizazi laweza kumwaga damu mpaka mtu akapungukiwa, na la sentimita 8 lililoning'inia nje ya ukuta lisiongeze hata tone. Hilo la nje litabana kibofu tu. Kwa hivyo ripoti inayosema "faibroidi moja, sentimita 4" bila kusema imekaa wapi haijajibu swali.

Adenomiosisi inataka jicho lililozoea. Kizazi huwa kimevimba na kuviringika kama mpira. Ukuta mmoja, mara nyingi wa nyuma, unakuwa mnene kuliko mwenzake. Ndani ya msuli huonekana vifuko vidogo vya majimaji, na vivuli vyembamba vinashuka kama mbavu za feni ya ukili. Mpaka kati ya utando na msuli, ambao ulipaswa kuwa mstari safi, unakatikakatika. Na mishipa ya damu haizunguki uvimbe bali inapita katikati yake. Hapo ndipo kosa hutokea: adenomiosisi ikijikusanya mahali pamoja, mtu asiye makini huiandika faibroidi.

Endometriosisi ndiyo inayoficha uso. Ikiwa imeunda kifuko kwenye ovari, skani hukiona kimejaa majimaji mazito yenye rangi moja ya kijivu, kwa sababu ni damu ya zamani. Ikiwa imeingia ndani ya ukuta wa utumbo, fundi aliyejifunza huweza kuiona. Pia huweza kusukuma kizazi polepole atazame kama kinateleza juu ya utumbo au vimegandana. Lakini madoa madogo yaliyotapakaa juu ya ngozi ya ndani ya tumbo hayaonekani kwenye skani ya kawaida. Kwa hivyo skani safi haimwondolei mtu endometriosisi. Wala kipimo cha damu kiitwacho CA-125 hakitoshi kuithibitisha au kuikanusha.

Wanawake watatu wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa kufundishia, wa shangazi na wapwa zake wawili, wote wenye malalamiko yale yale mdomoni: "tumbo na damu".

Shangazi ana miaka 44. Damu inamtoka siku 9 kwa mabonge, lakini maumivu si makubwa. Anakwenda msalani kukojoa kila mara, na akilala chali anapapasa kitu kigumu juu ya kinena. Skani inaona faibroidi mbili. Moja ina sentimita 7, iko nje, juu ya kibofu. Nyingine ina sentimita 2.5 na imeingia ndani ya chumba cha kizazi. Kubwa ndiyo inayomkimbiza msalani, na ndogo ndiyo inayommwaga damu. Ndogo yaweza kuondolewa kwa kifaa kinachopita kwenye mlango wa kizazi bila kupasua tumbo. Kama angetolewa ile kubwa peke yake, angerudi mwezi wa pili na damu ile ile.

Mpwa mkubwa ana miaka 39 na watoto watatu, wa mwisho kwa upasuaji. Kwa miaka minne damu na maumivu vimepanda pamoja. Siku tatu za kwanza anabadilisha pedi kila saa moja na nusu, na mgongo na mapaja vinavuta. Hemoglobini yake ni gramu 8.2 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Skani ya juu ya tumbo imeandika: faibroidi ya sentimita 4, ukuta wa nyuma. Ameshaambiwa ajiandae kupasuliwa.

Daktari wa pili anasimama kwenye habari. Maumivu yanayolingana hivi na damu, umri huu, upasuaji wa nyuma, na kizazi kinachouma kikibonyezwa haviendi sana na faibroidi moja ya ukutani. Anaomba skani ya ndani. Ukuta wa mbele una sentimita 1.7 na wa nyuma 3.6. Ule "uvimbe" hauna mpaka, mishipa inapita ndani yake, na kuna vifuko vidogo na vivuli vya mistari. Hii ni adenomiosisi.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Faibroidi ina ganda, na mpasuaji huifungua akaitoa kama kokwa ya embe. Adenomiosisi haina ganda. Angefungua tumbo akatafuta jiwe, angekuta ukuta wenyewe ndio mgonjwa, na kila akikata anakata msuli mzima pamoja na uliougua, damu ikizidi kupotea kwa mtu ambaye tayari hana damu. Badala yake anapewa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya kuzungumza na mumewe anachagua koili yenye homoni, ambayo hupunguza damu na maumivu kwa wengi wenye ugonjwa huu. Ameelezwa kwamba miezi ya kwanza huenda akaona matone yasiyo na mpangilio, asije akaitoa kabla haijafanya kazi.

Mpwa mdogo ana miaka 22, hajaolewa. Damu yake ni siku 5, ya kawaida. Lakini maumivu huanza siku mbili kabla, na akienda haja kubwa siku hizo hutoka jasho kwa uchungu. Kila mwezi anakosa masomo. Skani ya juu ya tumbo: kila kitu kawaida. Nyumbani wanaanza kusema anajidekeza.

Habari yake ndiyo iliyo nzito hapa. Miongozo ya sasa inamruhusu daktari kuanza matibabu ya endometriosisi kwa kutegemea dalili, bila kusubiri kumtia kamera tumboni, mradi amekwisha kuangalia sababu nyingine. Anapewa dawa ya maumivu aianze mapema, na vidonge vya homoni vya kutuliza hedhi, kisha arudi baada ya miezi mitatu. Akipata nafuu, ni vyema, ingawa nafuu peke yake haithibitishi jina la ugonjwa. Asipopata, hapo ndipo MRI au kamera ya tumboni inapokuwa na maana. Mama yake akiuliza kama vidonge vitamzuia kuzaa baadaye, jibu ni hapana. Akiviacha, hedhi hurudi. Ugonjwa wenyewe ndio unaoweza kuchelewesha uzazi.

Unachoweza kufanya kabla ya kumwona daktari

Andika kwa miezi miwili au mitatu. Siku damu ilipoanza na ilipokoma. Pedi ngapi kwa siku, na kama kuna mabonge. Maumivu kwa alama za sifuri hadi kumi, na yalianza siku ngapi kabla au baada ya damu. Kama yalikuja ukienda haja au ukiwa na mume. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Ukifanyiwa skani, tazama kama ripoti inajibu haya: ilifanywa kwa njia gani, juu au ndani, kizazi kina ukubwa gani na kuta zake mbili zinalingana, kama kuna faibroidi, ni ngapi, za ukubwa gani, na ziko ndani ya chumba, ukutani au nje, ovari zikoje. Ripoti ikikosa hayo, uliza. Na kabla ya kukubali upasuaji wa "faibroidi" kwa sababu ya maumivu, uliza swali moja: "Daktari, uvimbe huu una mpaka wazi, na unalingana na maumivu ninayokueleza?" Kumbuka zile asilimia 80. Faibroidi ni mgeni wa kila nyumba, na kukutwa ndani hakumfanyi kuwa mwizi.

Kipimo cha mimba na cha wingi wa damu vifanywe kwa kila mwenye damu nyingi. Msichana ambaye damu imekuwa nyingi tangu hedhi ya kwanza achunguzwe pia kama damu yake inaganda vizuri. Mwenye miaka 45 au zaidi ambaye damu imebadilika anastahili kuchukuliwa kipande cha utando kipimwe.

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari wala miezi mitatu. Damu inayolowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, kizunguzungu au kuzimia, maumivu makali ya ghafla, homa pamoja na maumivu ya chini ya tumbo, au damu na maumivu kwa mtu anayeweza kuwa mjamzito: hawa waende hospitali siku hiyo hiyo. Damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, nayo ipelekwe kwa daktari bila kukawia, kwa sababu hapo kinachotafutwa kwanza ni saratani.